Zote nusu hospawa, mbona moja haipandishi?

*Nina duka la pampu Gerezani, Dar es Salaam, na siku hizi nauza kwa simu kuliko dukani: naweka picha, bei na maelezo, mteja analipa, mzigo unapanda basi. Zinazotoka sana ni mbili, QB60 ya shilingi 85,000 na CPM130 ya shilingi 150,000. Zote za bluu, zote zimeandikwa 0.5 HP, zote zinaingia bomba la inchi moja. Kila mteja anauliza ipi bora. Mdogo wangu, ndiye anayeandika matangazo, akaweka mstari: “Zote ni nzuri, inategemea mahitaji yako.”*

*Mwezi uliopita nimepata kesi tatu. Mteja wa Kimara, tenki lake la chini liko getini na nyumba juu ya mlima, alichukua ya bei kubwa, maji hayafiki kwenye tenki. Wa Mkuranga alichukua ya bei ndogo, baada ya miezi mitatu imekwisha nguvu. Wa Mbeya ananiita tapeli: QB60 haivuti, na boksi limeandikwa inavuta mita 8, kisima chake ni mita 7. Mdogo wangu anasema tuandike tu kwamba CPM130 ndiyo bora, maana ndiyo yenye faida. Mimi silali, mjomba. Niandike nini, na huyu wa Mbeya nimfanyeje?*

*Mama Pampu, Gerezani*



Nilisimama nyuma ya kaunta ya vifaa vya maji miaka mingi kabla sijaanza kuandika safu hii, na pampu mbili unazozitaja nimeziuza mpaka nikawa nazitambua gizani kwa uzito. Kwa hiyo barua yako nimeisoma nikicheka kidogo na kuona aibu kidogo, kwa sababu ule mstari wa mdogo wako nami niliwahi kuusema. Ni mstari wa muuzaji aliyechoka. Mteja anajua fika kwamba inategemea mahitaji yake, ndiyo maana akauliza. Asichokijua ni hitaji lipi kati ya mahitaji yake ndilo linaloamua.

Tuanze na kinachomchanganya. Anaona 0.5 HP kwenye pampu zote mbili, anaona bei zinapishana karibu maradufu, na anafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya: ya bei kubwa ni ile ile, ila imara zaidi. Sivyo, na wewe unajua sivyo, lakini tangazo lako halijamwambia. Mota zina nguvu sawa. Kilicho tofauti ni impela, na impela haionekani kwenye picha ya pampu iliyofungwa.

Fungua moja ya kila aina, uzipige picha zikiwa mkononi. Impela ya QB60 ni kisahani cha shaba chenye meno madogo madogo kuzunguka ukingo, kama sarafu kubwa iliyochongwa. Inakaa ndani ya nyumba yake ikiwa imebanwa. Nafasi iliyobaki pembeni ni nyembamba kuliko ukucha. Maji yanazungushwa na meno yale mara nyingi kabla ya kutoka, na kila mzunguko unaongeza msukumo. Ndiyo maana inapandisha juu sana, ila maji ni machache. Impela ya CPM130 ni pana, ina tundu katikati na njia zilizopinda ndani. Maji yanaingia katikati na kurushwa nje mara moja tu. Njia ni pana, maji ni mengi, msukumo si mkubwa. Picha hiyo moja itafanya kazi kuliko picha kumi za maganda ya bluu.

Sasa tazama namba ulizonipigia picha kwenye maboksi. QB60 imeandikwa inapandisha hadi mita 35 na kutoa hadi lita 35 kwa dakika. CPM130 mita 22 na lita 90. Wateja wanasoma namba hizi kama ahadi, na hapa ndipo kesi nyingi zinapoanzia. Mita 35 za QB60 ni pale ambapo haitoi hata tone. Maji yamesimama kwenye bomba, hayapandi wala hayashuki. Lita 35 ni pale inapomwaga chini bila kupanda popote. Hakuna mteja anayeishi kwenye ncha hizo mbili. Wote wanaishi katikati, na katikati hakujaandikwa kwenye boksi.

Kwa hiyo mchukue mteja wa kawaida kabisa. Kisima chake maji yako mita 5 chini ya pampu, na mdomo wa tenki uko mita 6 juu ya pampu. Hizo ni mita 11. Bomba lenyewe linakula kidogo kwa msuguano, tuseme mita 3 kwa bomba la inchi moja lenye kona chache, tunafika 14. Hapo QB60 inatoa kama lita 21 kwa dakika, na CPM130 lita 50 na ushee. Tenki la lita 1,000 litajaa kwa dakika 48 kwa ya kwanza, na kwa chini ya dakika 20 kwa ya pili. Huyu anastahili kabisa kuuziwa ya shilingi 150,000, na atakushukuru, kwa sababu umeme wa Dar haukai kumsubiri.

Sasa mchukue wa Kimara. Uliniandikia kwamba tenki lake la chini liko getini na nyumba iko juu ya mlima. Kimara ni vilima, unajua. Yeye alihesabu ghorofa tu akaona ni mbili. Lakini kutoka getini hadi msingi wa nyumba ni mita kumi za mwinuko, kisha ghorofa mbili ni sita, kisha jukwaa la tenki na tenki lenyewe vinaongeza tano. Mita 21, kabla bomba halijala sehemu yake. Akasoma boksi: CPM130, mita 22. Akaona inatosha na nyingine nyingi zimebaki. Lakini mita 22 ni pale maji yanaposimama, na namba za boksi mara nyingi zimevutwa. Pampu ikaunguruma vizuri, maji yakapanda hadi karibu na tenki, yakasimama. Hakuna kilichoharibika. QB60, ile ya bei ndogo, pale pale ingempa lita 12 hivi kwa dakika. Tenki la lita 1,000 lingejaa kwa kama saa moja na nusu. Polepole, lakini lingejaa.

Ndiyo maana shauri la mdogo wako halifai hata kwa faida anayoitafuta. Ukiandika CPM130 ndiyo bora, wateja wote wa aina ya Kimara watakuja huko, na kila mmoja atarudisha boksi lililofunguliwa, pampu imelowa, huwezi kuiuza tena kama mpya, na nauli ya basi umeilipa mara mbili. Mwongozo mzuri ni ule unaompeleka mtu kwenye bidhaa ya bei ndogo pale inapomfaa. Mdogo wako atanuna wiki moja.

Kabla hujaandika chochote, usiniamini mimi wala boksi. Namba za boksi mara nyingi zimevutwa. Fanya jaribio, linachukua asubuhi moja. Weka pipa la maji karibu na pampu, na kwenye bomba la kutokea funga geji ya presha, kisha koki mbele yake. Geji ikisoma baa 1, ni sawa na kupandisha mita 10 hivi, baa 1.5 ni mita 15. Washa pampu, punguza koki mpaka sindano isimame kwenye baa 1.5, kisha jaza ndoo ya lita 20 huku unatazama saa. Rudia kwa baa 1, kwa baa 2, na kwa QB60 nenda hadi 2.5. Utakuwa na namba za pampu zako mwenyewe, za shehena uliyonayo dukani, na mteja akibisha unamtumia video ya ndoo.

Tahadhari moja katika jaribio hilo: QB60 usiifunge koki yote ukaiacha. Pampu za meno zina tabia kinyume na pampu nyingine. Kadiri unavyozibana, ndivyo mota inavyobeba mzigo zaidi, na ukiifunga kabisa inachemka na kukata. CPM130 ni kinyume chake, ikibanwa mota inapumzika. Hili nalo ni jambo la kumwambia mteja anayetaka kuweka koki ya kuelea kwenye tenki bila swichi ya kuzima pampu. Nilishaona QB60 mbili zikiungua hivyo kwenye nyumba moja, na fundi akamlaumu muuzaji.

Wa Mkuranga ni rahisi. Mchanga. Kumbuka ile nafasi nyembamba kuliko ukucha: QB60 inaishi kwa wembamba ule. Mchanga ukipita, unasaga shaba, nafasi inapanuka, na maji yanayopaswa kusukumwa mbele yanarudi nyuma ndani kwa ndani. Dalili yake ni kwamba mota inalia vilevile, joto ni lile lile, lakini tenki lililojaa kwa saa moja sasa linachukua mbili. Mteja anadhani mota imechoka. CPM130 nayo haipendi mchanga, hasa sili yake, lakini njia zake pana zinavumilia zaidi. Mteja mwenye kisima cha mchanga na tenki la juu sana asinunue QB60 kuchota kisimani moja kwa moja. Avute kwanza kwa CPM130 hadi kwenye tenki la chini, mchanga utulie siku nzima, kisha QB60 ichukue maji safi juu juu na kuyapandisha. Ndiyo, hapo utauza mbili, na kwa haki.

Sasa wa Mbeya, ambaye ndiye aliyekunyima usingizi. Watu husema pampu inavuta maji. Haivuti. Pampu inaondoa hewa kwenye bomba, na uzito wa hewa iliyoko juu ya kisima ndio unaosukuma maji yapande. Usawa wa bahari, hewa ina nguvu ya kuinua maji mita 10.3 na si zaidi, hata ukiweka mota ya hospawa mia. Ukiondoa hasara za bomba, za valvu ya chini yenye chujio na za pampu yenyewe, inabaki mita 7 hadi 8. Boksi limeandikwa kwa mtu wa pwani. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ile 10.3 inakuwa 8.4 hivi. Toa hasara zile zile, inabaki kama mita 6, na fundi asipobana viungo vizuri ni 5. Kisima chake cha mita 7 hakikuwa na nafasi. Wala CPM130 isingemsaidia, maana kikomo hiki ni cha hewa, si cha impela. Huyo mtu hakupaswa kununua pampu yoyote kati ya hizo mbili. Alihitaji pampu ya kuzamisha, ile inayoshuka ndani ya maji na kusukuma kutoka chini.

Hapa ndipo tangazo lako linapokosa sentensi yake muhimu kuliko zote: nani asinunue hata moja. Wauzaji tunaiogopa sentensi hiyo. Lakini mteja akiisoma, ndipo anapoanza kuamini zile nyingine.

Jambo la mwisho kabla ya maneno yenyewe. Mteja wako hajui “mita za kupandisha” ni nini, na wala hana haja ya kujua. Muulize anachoweza kupima nyumbani leo. Kisima: afunge nati kwenye kamba, aishushe hadi chini, aipandishe, apime sehemu kavu, kutoka usawa wa pampu hadi palipoanza kulowa. Sehemu iliyolowa haihesabiwi. Wengi wanapima hadi chini ya kisima na kujitisha bure. Na apime kiangazi, maana maji ya Mei si maji ya Septemba. Tenki: anahesabu kutoka pampu itakapokaa hadi pale bomba linapoingia juu, mlima ukiwamo.

Basi, ningeandika hivi, mara tu baada ya picha ya impela mbili na kabla ya ule mstari wa volti na uzito ambao hakuna anayeusoma:

> QB60 au CPM130?
>
> Mota zina nguvu sawa. QB60 inafika juu zaidi, kwa maji machache. CPM130 inatoa maji mengi, lakini haifiki juu sana.
>
> Kwanza pima kutoka pampu kushuka hadi uso wa maji. Ikizidi mita 7, au mita 5 kama uko mikoa ya juu kama Mbeya, Njombe na Iringa, usinunue hata moja kati ya hizi. Tupigie tukueleze kuhusu pampu ya kuzamisha.
>
> Kisha pima kutoka pampu kupanda hadi mdomo wa tenki. Ghorofa moja ni kama mita 3. Usisahau mwinuko wa kiwanja. Jumlisha vipimo viwili.
>
> Hadi mita 15, chukua CPM130. Tenki la lita 1,000 hujaa kwa dakika 20 hadi 30.
>
> Kati ya mita 15 na 25, chukua QB60. Tenki hilo hilo litachukua saa moja hadi mbili.
>
> Zaidi ya mita 25, tupigie kabla ya kulipa.
>
> Kisima chako kina mchanga? QB60 itaisha mapema. Tuulize kwanza.
>
> Vipimo hivi ni kwa bomba la inchi moja. Bomba likiwa la nusu inchi, CPM130 itakupa maji machache sana kuliko hayo.

Hizo dakika badilisha kwa namba za ndoo yako. Mipaka ya 15 na 25 nimeiweka chini kidogo ya uwezo wenyewe kwa makusudi, ili bomba refu na kona za fundi zipate nafasi yake bila mteja kuzihesabu. Ule mstari wa bomba la nusu inchi usiuondoe ili kufupisha. Watu wengi wananunua CPM130 na kuifunga kwenye bomba jembamba lililokuwapo ukutani, na maji lita 50 kwa dakika hayapiti hapo. Wamelipia pampu kubwa wakapata ndogo.

Neno “bora” lisiwepo popote. Wala “inafaa kwa matumizi ya nyumbani”, maana zote ni za nyumbani. Na kwenye tangazo la QB60 na la CPM130 weka mwongozo ule ule, neno kwa neno. Ukiandika tofauti, mteja atasoma yote mawili na kuhisi unamzungusha.

Utajua umefaulu kwa simu zitakazokuja. Mtu akipiga kuuliza “ipi bora”, hajasoma au hujaandika vizuri. Akipiga kusema “dada, mimi nina mita 18 na maji yangu ni masafi”, huyo hana haja ya kuzungumza dakika tatu. Mpelekee mzigo stendi.

Wa Mkuranga mbadilishie impela kwa bei ya kununulia, si bure, na umwambie habari ya mchanga. Wa Kimara mpe QB60, umrudishie tofauti ya bei. Huyu wa Mbeya mrudishie fedha zake zote pamoja na nauli ya mzigo wa kwenda na kurudi, kwa sababu alipima, alisoma ulichoandika, na akaamini.

Wako, Mjomba